Urefu wa Mstari Uliopinda Umo Katika Mteremko Wake

Tuseme bati la kuezekea la migongo midogo lina mawimbi yenye umbo la sini, milimita 76 kutoka kilele hadi kilele, na kina cha milimita 18 kutoka kilele hadi bonde. Mwenye kulitengeneza lazima ajue ni kiasi gani cha bati bapa kinamezwa na kila mita ya upana wa paa. Wengi watatazama kina cha wimbi na kudhani kwamba jibu limo humo. Basi na tupunguze kina kiwe milimita 9, na umbali wa vilele uwe milimita 38. Bati sasa linaonekana karibu bapa, lakini linameza kiasi kilekile cha malighafi, bila kupungua hata kidogo. Urefu wa mstari uliopinda hauamuliwi na kimo chake. Huamuliwa na mteremko wake, na kupunguza vipimo vyote viwili kwa nusu hakukuugusa mteremko.

Sababu huonekana tukikata kipande kidogo sana cha mstari. Kipande hicho kikiwa kifupi vya kutosha, ni kama kimenyooka, na huwa kiegama cha pembetatu mraba: upande wa mlalo ni dx, upande wa wima ni dy. Kwa kanuni ya Pithagorasi, urefu wake ni ds = √(dx² + dy²). Tukiitoa dx nje ya kipeuo, tunapata ds = √(1 + m²) dx, ambapo m ni mteremko, yaani dy/dx. Hapa y yenyewe imetoweka. Mstari uwe juu mawinguni au chini bondeni, kila hatua ya mlalo huzidishwa kwa √(1 + m²) tu. Na kwa kuwa m imepigwa mraba, alama yake haina kazi: kushuka huongeza umbali sawasawa na kupanda, wala kimoja hakifuti kingine.

Kizidisho hicho kina tabia mbili. Mteremko ukiwa mdogo, hakitikisiki: m ikiwa 0.1, kizidisho ni 1.005. Barabara inayopanda kwa asilimia 10, mwinuko ambao lori lenye mzigo huuhisi barabara nzima, huongeza mita 5 tu kwa kila kilomita ya ramani. Kwa hiyo barabara ya mlimani haiwi ndefu kwa sababu inapanda, bali kwa sababu inazungukazunguka ili mwinuko wake usizidi. Mteremko ukiwa mkubwa mambo hugeuka: m ikiwa 1 kizidisho ni 1.414, na ikiwa 3 ni 3.16. Hapo umbali hufuata mteremko wenyewe, na hatua ya mlalo karibu haihesabiki.

Hata hivyo, kujua urefu wa kipande kimoja si sawa na kujua urefu wa mstari mzima. Katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637, Descartes aliamini kwamba uwiano kati ya mistari iliyopinda na iliyonyooka haujulikani, wala akili ya binadamu haiwezi kuujua. Miaka 20 baadaye, mwaka 1657, Mwingereza William Neile alipata urefu kamili wa mkunjo y² = x³. Mwaka 1659 Mholanzi Hendrik van Heuraet alitoa njia ya jumla, nayo ikachapishwa ndani ya toleo la Kilatini la kitabu kilekile cha Descartes. Van Heuraet alichora mstari wa pili ambao kimo chake, katika kila x, ni kile kizidisho cha mstari wa kwanza. Eneo lililo chini ya mstari huo wa pili ndilo urefu wa ule wa kwanza. Swali la urefu likageuka kuwa swali la eneo.

Tuufuate mkunjo wa Neile kutoka x = 0 hadi x = 4, ambapo y hufika 8. Kwa kuwa y ni x√x, mteremko wake ni 1.5√x, na mraba wa mteremko ni 9x/4. Kizidisho basi ni √(1 + 9x/4). Hapa ndipo bahati ya mkunjo huu ilipo: mstari wenye kimo hicho ni parabola iliyolala ubavu, na eneo la parabola lilijulikana tangu enzi za Arkimedi. Hesabu inatoa (8/27)(10√10 − 1), yaani karibu 9.073. Mstari mnyoofu unaounganisha ncha hizo mbili una urefu wa 8.944, kwa hiyo jibu limekaa panapotarajiwa, juu yake kidogo. Asiyejua kanuni ya eneo anaweza kuchukua kizidisho katikati ya kila hatua: 1.458, 2.092, 2.574 na 2.979. Jumla ni 9.10, kosa la chini ya nusu ya asilimia kwa hatua nne tu. Tazama pia kwamba hatua ya mwisho inabeba mara mbili ya urefu wa ile ya kwanza, ingawa zote zina mlalo wa 1.

Msomaji makini atauliza: mbona tusiufuate mstari kwa ngazi ndogondogo, mlalo kisha wima, na kujumlisha? Ngazi zikiwa nyembamba vya kutosha, jicho halitazitofautisha na mkunjo. Ni kweli, lakini jumla ya ngazi kutoka (0, 0) hadi (4, 8) ni 12 daima, ziwe kumi au milioni: milalo yote hujumlika kuwa 4, na wima zote kuwa 8. Ngazi huukaribia mkunjo kwa mahali, lakini haziukaribii kamwe kwa mteremko, kwa kuwa zinajua kulala na kusimama tu. Vipande vinyoofu vinavyounganisha nukta za mkunjo hufaulu kwa sababu mteremko wa kila kipande ni mteremko halisi wa mkunjo mahali fulani kati ya ncha zake. Ndiyo maana njia iliyopimwa kwa nukta zinazotetemeka hutoa umbali uliozidi: mtetemo mdogo kwa kimo unaweza kuwa mkali kwa mteremko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mstari ukisimama wima, m haina kikomo; je, kanuni haivunjiki? Katika robo ya duara lenye nusu kipenyo 1, kizidisho ni 1/√(1 − x²). Kwenye x = 0.99 kimeshapita 7, na mwishoni hakina kikomo. Lakini hatua za mlalo zinazobebwa na vizidisho vikubwa hivyo ni finyu mno, na jumla inabaki π/2, jibu lilelile la robo ya mzingo. Kilichoshindwa pale ukingoni ni chaguo la kupima kwa x. Tukipima kwa y, mteremko unageuka kuwa 0 na ugumu unaondoka.

Kwa bati letu hakuna parabola ya kutuokoa, kwa kuwa urefu wa wimbi la sini hauna jibu fupi la mizizi. Lakini mteremko wake mkali zaidi ni π × 18 ÷ 76, yaani 0.744, na wastani wa kizidisho kwa wimbi zima ni karibu 1.127. Mita moja ya paa inameza milimita 1,127 za bati bapa. Punguza kina peke yake, na mteremko utashuka pamoja na gharama. Punguza kina na umbali wa vilele kwa pamoja, na hutaokoa hata milimita moja.