Sentensi Tatu Chini ya Picha ya Mama

Mjane anapoolewa tena hapa Nakuru, picha ya arusi husomwa na koo mbili au tatu kabla ya jioni. Kwa Wakipsigis na Wanandi, mila ya zamani ilimhesabu mjane kuwa bado mke wa marehemu, na watoto aliozaa baadaye waliitwa wa marehemu. Kwa hiyo maneno ya kijana chini ya picha hiyo husomwa pia kama kauli ya nyumba nzima.

Chukua mfano huu, niliouandika kwa niaba ya kijana wa Njoro: "Leo Mama ameolewa, nami ndiye niliyemsindikiza. Baba, ulitulea vyema na jina lako tunalo. Mzee, asante kwa kumpenda Mama, tunakuheshimu."

Mama ametangulia kwa sababu siku ni yake. Baba anafuata papo hapo, na hilo lina sababu ya kiufundi: Instagramu hukata maelezo karibu na herufi ya 125, na anayetaka zaidi lazima abonyeze. Sentensi mbili za kwanza hazifiki herufi 100. Marehemu akiwekwa mwishoni, shangazi anayepitisha kidole haraka hatamwona, na simu italia usiku huohuo.

Tazama pia kilichoachwa. Wengi huandika "hatimaye Mama amepata furaha", na neno hilo moja, hatimaye, linaifanya ndoa ya kwanza kuwa miaka ya mateso. Wengine huandika "Baba angefurahi". Mimi sikubaliani nalo hata kidogo, maana marehemu hawezi kuulizwa, na ndugu zake wanaweza kudai kinyume chake. Kumsemesha baba ni salama kuliko kumsemea.

Sentensi ya tatu ndiyo ngumu. Bwana arusi ameitwa Mzee, cheo cha heshima kisichogusa nafasi ya baba. Na hakuambiwa "karibu nyumbani kwetu", ingawa maneno hayo huja mdomoni yenyewe. Nyumba ile huenda imo katika mirathi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi kilisema kwamba haki ya mjane ya kutumia mali ya marehemu maisha yake yote hukoma akiolewa tena, sharti ambalo halikuwekewa mwanamume aliyefiwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Meru iliona huo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Hata hivyo, ugomvi wa shamba haujaisha vijijini, na ukaribisho wa upole unaweza kusomwa kama kumgawia mgeni ardhi ya marehemu.

Kabla ya kupandisha picha, kijana awapelekee ndugu zake wa tumbo moja na baba mdogo maneno yale. Anayesita aulizwe ni neno gani linamkwaza, libadilishwe, kisha Mama asome wa mwisho.