Sanaa ya Kumuaga Mstaafu

Tuseme umeombwa kumuaga mwalimu wa shule ya msingi huku Shirimatunda, aliyetimiza miaka 60, umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma. Ndafu yuko mezani, wageni wamekaa. Dakika saba zinakutosha, ukizipanga.

Anza na itifaki, wala usiipapie. Mtambue mgeni rasmi, kisha viongozi wa kata na wa shule, wazee, halafu familia ya mstaafu. Wengi hukatisha kwa kusema "itifaki imezingatiwa". Lakini mume wa mwalimu na watoto wake wamekaa pale mbele, na ndio waliomsubiri jioni alipobaki kusahihisha madaftari. Kuwatambua vizuri tayari ni shukrani.

Kisha njoo kwenye utumishi wake. Hapa ndipo wasemaji wengi huharibu: husoma jalada, kituo baada ya kituo, cheo baada ya cheo. Mwaka wa kuajiriwa na shule alizofundisha vimalize kwa sentensi mbili. Muda unaobaki upe kisa kimoja. Ukisema "ni mchapakazi", hujamsema yeye, maana kila mstaafu huambiwa hivyo. Sema kwamba wakati wa masika, njia za mlimani zinapoteleza, alifundisha watoto wa darasa la kwanza waliowahi, halafu saa ya mapumziko akawakalisha waliochelewa na kulirudia somo lile lile, bila kumgombeza mtoto aliyelowa. Hapo aliowafundisha watageuka wamtazame, na wewe utajua umepatia. Wakiendelea kumtazama ndafu, bado unasoma jalada.

Jihadhari pia hotuba isigeuke tanzia. Maneno kama "alikuwa mtu wa watu" na "ameacha pengo lisilozibika" tumeyazoea msibani, na mwenyewe amekaa mbele yako, mzima wa afya. Msemee maisha yake ya leo na kesho: migomba na kahawa ya kihamba chake, wajukuu, na walimu vijana watakaomfuata huko kuomba ushauri.

Mwisho una hatua yake. Hadi hapo umekuwa ukiwahutubia wageni kuhusu yeye. Sasa mgeukie mwenyewe, umwite "Mwalimu", umwambie asante kwa jambo lile moja ulilolisimulia. Usiongeze sifa mpya. Urasmi wa mwanzo umeshampa kila mtu heshima yake, ndiyo maana maneno haya machache yanaweza kuwa ya karibu bila kumvunjia mtu adabu.

Kwa hiyo, ukishaandika hotuba yako, isome ukimfikiria mstaafu mwingine. Kila sentensi inayomfaa huyo mwingine pia, ifute. Inayobaki ndiyo ya kumsomea wako.