Kosa la Saa Kumi na Mbili Jioni

Mliokuwepo uani kwa jirani yetu hapa Muheza Jumamosi ile mnajua ninakoelekea, na msiokuwepo mmekwishasimuliwa. Kazi ya siku mbili ilikuwa safi. Halafu, jua likiwa linazama, trei zikatolewa kwenye kaushio, vipande vya embe vikamwagwa mezani vikiwa na joto lake, na mashine ya kufungia mifuko ikawashwa hapo hapo. Mfuko wa kwanza ulizibwa kabla trei ya mwisho haijatoka. Nasema mapema ili tusizungushane: huo ulikuwa uamuzi mbovu, na ndio uliowafanya wanunuzi wa nyumba ya tatu na ya tano wakute ukungu ndani ya wiki mbili.

Niwape haki yao kwanza. Madodo yalichumwa yakiwa yamepevuka na yakaivia ndani. Visu havikuwa na kutu, vipande vililowekwa kwenye maji ya ndimu, wavu ulikuwa msafi, usiku trei zilifunikwa. Hapo sina neno.

Sasa turudi mezani. Mzee mmoja alimuuliza mwenye nyumba mbona wanafunga haraka namna ile. Akajibu, "Mzee wangu, umande ukiyakuta haya tumeula wa chuya." Jibu hilo lina akili ndani yake, na ndiyo maana linahitaji kujibiwa kwa utulivu. Hewa yetu ya huku karibu na pwani ni nzito, na usiku huwa nzito zaidi. Embe kavu lina sukari nyingi, na sukari huvuta unyevu. Ukiliacha wazi hadi alfajiri, utaamka ukute limekuwa la kunata. Kwa hiyo hofu ilikuwa ya kweli. Dawa ndiyo iliyokuwa siyo.

Kipande chenye joto hakijamaliza kutoa maji. Mvuke unaendelea kutoka ndani yake hata baada ya kuondoka kwenye kaushio. Ukikifunga wakati huo, mvuke unakutana na plastiki iliyokwisha kupoa, unageuka matone, matone yanateremka hadi kwenye kona ya chini ya mfuko, na vipande viwili vitatu vilivyoko pale vinaloa upya. Ukungu hauhitaji mfuko mzima uwe na maji. Unahitaji ile kona tu. Waliofungua mifuko yao wanakumbuka: juu kulikuwa kukavu, chini kumeshikana na kunanuka kama togwa iliyolala. Kilichotakiwa ni kutandaza vipande juu ya kitambaa safi ndani ya chumba kikavu, kwa nusu saa hadi saa moja, vipoe kabisa, kisha vitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Umande usingevipata, na mvuke ungekuwa umetoka.

Lakini joto lilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ni kubwa zaidi, na ilikuwa imeandikwa kwenye mizani pale pale mezani, wala hakuna aliyeisoma. Tupige hesabu pamoja. Madodo kilo 20 yalitoa vipande vibichi kilo 11, baada ya maganda na kokwa. Embe bivu huwa na maji yanayokaribia asilimia 83, kwa hiyo katika zile kilo 11 kitu kikavu kilikuwa kama kilo 1.87. Hicho hakipotei juani. Kinachoondoka ni maji. Embe la kuwekwa kwenye mfuko linatakiwa libaki na maji kama asilimia 15, maana yake kilo 1.87 iwe asilimia 85 ya uzito wote. Gawa, utapata kilo 2.2. Huo ndio uzito ambao mizani ilipaswa kuonyesha. Ilionyesha 2.6. Ziada ya gramu 400 ilikuwa maji matupu, na mzigo ule ulikuwa bado na unyevu wa asilimia 28.

Ikafungwa mifuko 26 ya gramu 100. Kila mfuko ulibeba kijiko cha chakula cha maji yasiyohitajika. Na ninyi wenye kupenda hesabu ya faida mtaona kwa nini hakuna aliyelalamika: kilo 2.2 zingetoa mifuko 22 tu. Mifuko minne ya ziada waliyofurahia iliuzwa kwa bei ya embe, ilhali ilikuwa maji.

Nasikia mtu akisema alivibonyeza na vilikuwa vikavu. Vipi vikavu? Alibonyeza vile vyembamba vya juu. Maembe yalikatwa vizuri ubavuni, milimita sita hadi nane, lakini karibu na kokwa kisu kilipotea, na nikaona vipande vya zaidi ya sentimita moja. Unene si jambo la kuongeza muda kidogo. Kipande kikiwa kinene mara mbili, muda wa kukauka hukaribia mara nne, kwa sababu maji ya katikati lazima yasafiri hadi nje. Basi trei ile ile ilikuwa na vipande vilivyokauka kupita kiasi na vingine vilivyobaki vibichi moyoni, na mizani ikaonyesha wastani wao. Isitoshe, kipande chenye joto hakisemi kweli mkononi. Kipimo hufanyika kikishapoa: chagua kinene kuliko vyote, kikate katikati, kibinye mahali palipokatwa. Pakitoka unyevu hata wa kung'aa tu, rudisha trei kwenye kaushio.

Hapa ndipo ninapowakumbuka waliotutangulia, na najua kuna watakaosema nimeanza tena. Ng'ambo ya maji, Pemba, wakaushaji wa karafuu hawakuwa na kipimajoto wala mashine ya kufungia. Karafuu zilianikwa juani, zikapinduliwa, jioni zikakusanywa na kufunikwa, kesho zikaanikwa tena, na hakuna aliyezitia guniani kabla kijiti cha karafuu hakijavunjika kwa sauti. Walijua kwamba karafuu mbichi zikilundikwa usiku hupata joto na kuamka zimepauka. Usukumani nako, bibi wa michembe alivunja kipande cha kiazi vidoleni kabla ya kukiweka akiba. Kikipinda, kinarudi juani. Hakuna kikao.

Ila lazima nikiri kwamba kipimo cha kuvunja hakilifai embe, na nadhani ndipo jirani yetu alipopotezwa. Karafuu, michembe, majani ya mchaichai, pilipili: hivi vyote vikikauka huvunjika, na sauti yenyewe ni cheti. Embe kwa sukari yake hubaki linapinda kama ngozi hata likiwa tayari. Ukingoja livunjike utalichoma. Kwa kuwa halina sauti, linahitaji hatua ambayo michembe haikuihitaji, na hatua hiyo ndiyo iliyorukwa: kulinganisha unyevu.

Ni kazi rahisi mno, ndiyo maana inadharauliwa. Vipande vilivyopoa hutiwa kwenye ndoo ya plastiki au mitungi ya kioo, visijaze zaidi ya theluthi mbili, mfuniko ukafungwa. Vinakaa hivyo siku saba hadi kumi. Kila siku ndoo inatikiswa ili vipande visishikane na vibadilishane nafasi. Katika siku hizo vile vinene vinatoa unyevu, vile vyembamba vinaupokea, mpaka vyote vinakuwa sawa. Na kila asubuhi unaangalia upande wa ndani wa mfuniko. Ukikuta jasho, mzigo wote unarudi kwenye kaushio, kisha siku zinaanza kuhesabiwa upya. Ikipita wiki nzima bila jasho, funga kwa amani. Kama vipande vingetiwa ndooni Jumamosi ile, ndoo ingetoa jasho kesho yake asubuhi, jirani angerudisha trei Jumapili, na hadithi ingeishia hapo. Badala yake kila mnunuzi alikwenda na ndoo yake ndogo ya gramu 100, na jasho likaonekana jikoni kwake.

Kuna waliopendekeza baadaye tuweke punje za mchele kwenye mfuko, kama tunavyofanya kwenye kidude cha chumvi. Nimeupinga mchele huu miaka mingi, na naupinga leo. Punje kumi haziwezi kumeza kijiko cha maji. Hata vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyowekwa kwenye viatu vipya hunyonya maji yapatayo theluthi moja ya uzito wake tu. Kwa gramu 15 za maji ungetaka kipakiti cha gramu 45, karibu nusu ya uzito wa bidhaa. Vitu hivyo hulinda kilichokwisha kukauka. Havikaushi.

Mwingine akasema moto uongezwe ili tumalize kwa siku moja. Hapana. Nyuzi 55 hadi 65 zinatosha. Ukivuka 70, ngozi ya nje ya kipande inakakamaa kabla ya ndani, inaziba njia, na maji yanabaki moyoni. Kwa mkono utaona ni kavu. Utafunga, na tutakutana tena kwenye mazungumzo haya haya.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: lebo. Ilikuwa na ua jekundu, jina la biashara na maneno "asili kabisa", lakini haikuwa na tarehe ya kufungwa. Kwa wateja wa mtaa mmoja, ambao wangerudisha mfuko siku hiyo hiyo wakiona tatizo, tarehe ina thamani kuliko ua.

Mifuko mingine ya siku ile bado iko kwenye makabati yenu. Ishikeni mwangani leo. Mkiona jasho kwa ndani lakini hakuna madoa wala harufu ya uchachu, fungueni, tandazeni vipande, vikaushwe tena hadi vipimo vya hapo juu vitimie, vipoe, kisha viingie ndooni. Mkiona doa moja la ukungu, jeupe au la kijani, tupeni mfuko wote. Msikwangue doa mkala kilichobaki, kwa sababu ukungu hupenya ndani ya tunda kuliko jicho linavyoona, na aina nyingine huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Kisha mrudieni jirani awarudishie fedha zenu. Ni mtu muungwana, atarudisha.