Boksi la Lita 5 na Ngege wa Dunga

Nimefungua Drostdy-Hof nyeupe ya boksi, lita 5 kutoka Afrika Kusini, na jamani, nimebaki mdomo wazi! Mvinyo mwepesi, safi, wenye uchachu wa ndimu. Ukiletewa ngege wa kukaanga pale Dunga, ngozi bado inachuruzika mafuta, funda moja linayakata yote na mkono unarudi kwenye samaki wenyewe. Anayedhani boksi ni la mvinyo hafifu tu, aonje huu kwanza.

Siri iko ndani ya kadibodi. Toboa tundu, vuta kile kimfereji cha plastiki, utaona kimeshikana na mfuko laini wa matabaka yanayozuia hewa. Kila ukimimina, mfuko unanywea, na hewa haipati pa kuingia. Chupa ikifika nusu, nusu nyingine ni hewa, na oksijeni hiyo inaanza kuula mvinyo: siku 3 hadi 5 kwenye friji, basi. Boksi linadumu wiki 4 hadi 6! Thomas Angove wa Australia ndiye aliyeleta wazo hili mwaka 1965, ingawa wakati ule mnywaji alikata kona ya mfuko kisha akaibana tena. Kimfereji kilikuja baadaye, na kwangu hicho ndicho kilichokamilisha kazi.

Piga hesabu. Lita 5 ni glasi 33 za mililita 150. Mume na mke wakinywa glasi mojamoja kila jioni, boksi litaisha siku ya 17, mvinyo ungali mzima kabisa.

Lakini hapa ni Kisumu, mchana nyuzi 30 si habari, na joto huharakisha uharibifu. Boksi liingie friji, hata la mvinyo mwekundu. Huo utoe nusu saa kabla ya kunywa. Liweke kimfereji kikiwa chini ili mvinyo ukifunike. Mvinyo mweupe ukigeuka rangi ya chai na kunuka tofaa lililopondeka, umekwisha. Dukani pia tazama tarehe ya kufungashwa, maana plastiki hupitisha oksijeni kidogokidogo hata kabla hujafungua. Likikaribia mwaka, liache.

Pakiti za karatasi za lita moja zisikudanganye: hazina mfuko unaonywea, kwa hiyo zihesabie siku kama chupa.

Na mikebe! Mililita 250, theluthi ya chupa, inapoa haraka na haivunjiki ndani ya mashua. Ukifungua, umalize papo hapo, kwani haufungiki tena. Mara nyingine utasikia harufu ya yai bovu, salfa iliyogusana na alumini. Mimina kwenye glasi, izungushe, ipe dakika chache. Mara nyingi hutoweka, na tunda linajitokeza.

Boksi likigoma kutoa, chana kadibodi, toa mfuko, ukamue kuelekea kwenye kimfereji. Glasi moja au mbili nzima bado zimo humo!