Rimu 100 au Katoni 100?

Nukuu ya bei inayokwenda shuleni, ambayo wengi huiita profoma, husomwa na watu ambao muuzaji hatawaona. Mwalimu wa stoo ndiye aliyeulizia bei WhatsApp, lakini karatasi yenyewe itapita kwa mkuu wa shule na kwa mhasibu, na pengine itawekwa mezani kando ya nukuu za wauzaji wengine. Huko hakuna atakayetuma ujumbe kuuliza kilichokusudiwa.

Chukua duka la mtandaoni la Dar es Salaam lililosajiliwa VAT, na shule ya Morogoro inayotaka karatasi na tona. Mstari wa "karatasi A4, 100" ni mtego. Katoni kwa kawaida hubeba rimu 5, hivyo anayewaza katoni atasubiri rimu 500. Mstari uliokamilika husema: karatasi nyeupe A4, gramu 80, rimu 100 (katoni 20), kila rimu sh. 11,500, jumla sh. 1,150,000. Tona 4 huandikwa pamoja na namba ya modeli ya printa, kila moja sh. 85,000, jumla sh. 340,000. Usafirishaji wa sh. 110,000 hupewa mstari wake; ukifichwa ndani ya bei ya rimu, duka litaonekana ghali kuliko lilivyo. Yote ni sh. 1,600,000.

Sasa inakuja kodi, na hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa bei ya mtandaoni kwa mazoea ni bei ya mwisho. Kama sh. 1,600,000 haina VAT, kiwango cha kawaida cha asilimia 18 huongeza sh. 288,000 na shule italipa sh. 1,888,000. Kama VAT imo ndani, kodi ni 18/118 ya jumla, yaani sh. 244,068, na inatoka mfukoni mwa muuzaji. Maneno "bila VAT" au "pamoja na VAT" hayana budi kuandikwa. Kadhalika muda wa bei, tuseme siku 14, maana tona huagizwa nje na bei yake hufuata dola.

Shule ikikubali hutoa oda ya ununuzi, LPO. Ankara huandikwa baadaye, kwa maneno yale yale ya oda, ikitaja namba yake. Mhasibu huweka karatasi tatu pamoja: oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Ikiwa rimu 4 zililowa njiani zikarudishwa, hati itasema 96, na ankara ya 100 itakaa kwenye faili bila kulipwa, mara nyingi bila mtu kumwambia muuzaji sababu. Ankara sahihi ni ya rimu 96, pamoja na tona na usafirishaji: sh. 1,554,000 kabla ya kodi, VAT sh. 279,720, jumla sh. 1,833,720. Rimu 4 zikipelekwa baadaye, zitakuwa na hati yao na ankara yao, chini ya namba ile ile ya oda.