Ufahamu wa Karafuu na Hatua Zake Tatu

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyesoma madarasa ya msingi kwa Kiswahili, akiwekewa mbele yake ibara ya Kiingereza, aghalabu huweza kuitamka yote toka mwanzo hata mwisho, na ukimwuliza imesema nini, akanyamaza. Ili kuliondoa pengo hilo, walimu hulipanga somo la kusoma katika hatua tatu: kabla ya kusoma, wakati wa kusoma, na baada ya kusoma. Nimeliona somo moja la namna hiyo likifundishwa mara mbili na mwalimu mmoja, katika mikondo miwili ya kidato hicho, kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Mara ya kwanza halikufaulu, na mara ya pili likafaulu.

Ibara aliitunga mwalimu mwenyewe, maneno 180 hivi, ikisimulia habari za mkulima wa Pemba aliyechuma karafuu, akazitenga na makonyo, akazianika juu ya majamvi, na bado akapata hasara ilhali mvua haikunyesha. Kwani usiku wa kuamkia siku ya kuanika alizirundika chumbani zingali mbichi, zikapata joto zikavunda.

Katika mkondo wa kwanza, hatua ya kabla ya kusoma ilikula dakika 35. Mwalimu aliandika ubaoni maneno 18, akayafasiri moja baada ya moja, na katika kuyafasiri akajikuta amekwisha kukihadithia kisa chote. Alipouliza baadaye kwa nini mkulima alipata hasara, mikono ikainuka darasa zima, ilhali karatasi za wengi zilikuwa zimefunikwa. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama: swali likijibika pasipo ibara, somo limefunza kusikiliza, wala si kusoma.

Mara ya pili hatua hiyo alikuwa ameipunguza hadi dakika 15. Alichagua maneno matano tu, yale ambayo bila ya kuyajua kisa hakieleweki na ambayo maana yake haibashiriki kwa maneno yanayoyazunguka. Neno la kikonyo alilifunza kwa kukionyesha kikonyo chenyewe mkononi. Kisha akasema jambo moja tu: mkulima huyu alipata hasara, mnadhani ni kwa nini? Karibu wote wakasema mvua, akaiandika ubaoni bila ya kuikubali wala kuikataa, nao wakasoma kimya kwa dakika tano ili wahakikishe kama dhana yao ni sahihi. Hakumwita mtu kusoma kwa sauti, kwa kuwa mmoja akisoma hivyo wenzake humngoja.

Katika kuisoma ibara hiyo mara ya pili ndipo yalipokuja maswali, na hapa pana hatari iliyojificha. Chukua sentensi isiyo na maana: vikuzo vitatu vilifurunza mnego. Nikikuuliza ni vikuzo vingapi, utajibu vitatu, na hujaelewa kitu. Maswali mengi ya ufahamu ni ya namna hiyo, huvuna maneno na kuacha maana. Kwa hiyo mwalimu aliliweka swali lake mahali ambapo Kiswahili humponza msomaji wa Kiingereza. Ibara ilisema kwamba mkulima alizitenga karafuu na makonyo, kisha akatia guniani, lakini alitia nini? Kwa Kiswahili hapana shaka, maana kuyatia ni makonyo na kuzitia ni karafuu, ngeli yenyewe inatoa ushahidi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vyote viwili, hata kwa watu, na msomaji sharti atafute mwenyewe kinarejelea nini. Binti mmoja aliweka kidole juu ya kiwakilishi kile, akakirudisha nyuma hadi kwenye karafuu, akasita, akakipeleka mbele kwenye sentensi iliyofuata, isemayo kwamba gunia liliwekwa kando kungoja kiwanda cha mafuta, nazo karafuu zikabaki sakafuni, akamnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili, "Basi ni makonyo." Mwalimu aliwaruhusu kujadiliana kwa Kiswahili, kwa kuwa alichokuwa akikipima ni kuelewa, jawabu ndilo lililoandikwa kwa Kiingereza.

Zilipobaki dakika 25 karatasi zikafunikwa, na kila jozi ikaandika sentensi nne za kumshauri mkulima kwa msimu ujao. Hatua hii ya mwisho ndiyo mizani ya zile mbili, kwa sababu hamna sentensi ya kunakili. Jozi nyingi zilimwambia aanike siku ile ile ya kuchuma, na kama jua limetua, basi azitandaze wala asizirundike. Jozi moja ilimshauri asitie karafuu guniani. Shauri hilo kwa sikio ni jema, lakini lilimfahamisha mwalimu kwamba wawili hao walikisoma kiwakilishi kile vibaya. Akakiwekea alama katika andalio lake, na somo lililofuata likaanzia hapo.