Ruhusa ya Siku Zilizokwisha Kupita

Maalim mmoja wa Tanga, jamaa yangu, hutunza barua za wazazi ndani ya juzuu kuukuu. Mwaka jana alinipa moja, akiwa amekwisha kuyakata majina kwa mkasi. Imeandikwa Jumatatu ya wiki ya mtihani wa darasa la saba, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la hesabu. Naiweka hapa yote, kwa kuwa nataka tuisome kwa namna ilivyojengwa, si kwa habari yake tu.

Kwa Maalim,
Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.
YAH: RUHUSA YA KIJANA WAKO
Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu, natumai nawe u mzima pamoja na ahli yako. Nakuarifu kuwa kijana wako hakufika chuoni Jumamosi na jana. Si mgonjwa. Ni mitihani ya darasa la saba, Jumatano na Alhamisi, na wamewekewa kambi shuleni, wanasoma hadi saa mbili usiku. Ilinipasa nije mwenyewe kabla, sikuja, naomba radhi. Kama ujuavyo Maalim, elimu zote mbili zina umuhimu wake. Sura ya Mulk ameishia aya ya 15. Alfajiri namsikiliza aliyohifadhi yasimpotee. Atarudi Jumamosi inshallah. Mwanangu asiadhibiwe, kosa ni langu.
Wabillahi tawfiq.
Mzazi wake.

Linalogonga jicho kwanza ni lile YAH. Hiyo ni alama ya barua ya kiofisi, tuliyofundishwa shuleni pamoja na anwani mbili na “wako mtiifu”. Hapa imepachikwa kati ya salamu na kujuliana hali, mahali ambapo haina kiti. Barua ya pwani ina mwendo wake: salamu, kisha hali ya mwandishi na watu wake, kisha dua ya heri kwa anayeandikiwa, ndipo neno lenyewe lianze. Barua za herufi za Kiarabu ambazo Büttner alizichapisha mwaka 1892 zinauonyesha mwendo huo waziwazi, na mzazi wetu anaufuata hata kama hajawahi kuziona. Ila ameogopa kwamba barua isiyo na YAH si barua ya maana.

Tena kichwa hicho kinadanganya. Kinasema ruhusa, na ruhusa huombwa kabla. Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili umekwisha kupita, na nafasi ya mtoto imekaa tupu kwenye mkeka mara mbili. Kwa siku hizo kilichobaki ni udhuru, yaani sababu, na radhi, yaani kukiri. Mzazi analijua hilo, maana ndani ya barua neno ruhusa halirudi kabisa. Linalokuja ni “naomba radhi”. Kichwa kimeandikwa na mtu aliyefunzwa barua shuleni, mwili umeandikwa na mtu aliyelelewa chuoni, na wote wawili ni mzazi yuleyule.

Tazama pia nani anatenda. Katika habari ya shule watendaji wamefichwa: “ni mitihani”, “wamewekewa kambi”. Hakuna anayetajwa kuwa ndiye aliyeweka, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mwandishi dhaifu angeishia hapohapo na kuiacha mitihani ibebe mzigo wote. Huyu anageuka ghafla kwenye nafsi ya kwanza kwa vitenzi viwili vifupi: nije, sikuja. Baina yake hakuna “lakini”, wala habari ya mvua au kazi nyingi. Ukimya huo ndio unaoifanya radhi isikike kweli, kwa sababu radhi inayofuatwa na maelezo huwa imeanza kujitetea.

Sentensi inayofuata, ile ya elimu zote mbili, ningeifuta. Imetoka kwenye hotuba za mahafali. Mbaya zaidi, inamfundisha Maalim jambo ambalo hakuuliza, na kule kusema “ujuavyo” hakuifanyi iwe na adabu. Msomaji mkali anaweza kuisikia hivi: unadhani mimi napinga shule? Barua nyingi za aina hii huharibikia hapo. Mzazi hudhani Maalim anadai kuthibitishiwa kwamba mtihani ni muhimu, kumbe Maalim ana swali jingine kabisa: mtoto ameishia wapi, na akirudi atakuwa amesahau kiasi gani?

Barua inalijibu swali hilo kwa tarakimu moja. Sura ya Mulk, inayofungua juzuu ya Tabaraka, ina aya 30. Aya ya 15 ni nusu kamili. Mtoto ameachwa katikati ya daraja, na anayehifadhisha anajua kwamba sura iliyokatwa katikati hulegea upande wa mwisho, kwa kuwa zile aya mpya bado hazijapata mizizi. Ndiyo maana sentensi ya Alfajiri imekuja mara baada ya tarakimu. Mzazi haahidi kusonga mbele, maana hana idhini ya kumpa mtoto aya mpya. Anasema “aliyohifadhi yasimpotee”, basi. Amejua mpaka wa kazi yake, na amemwachia Maalim kazi ya Maalim. Sijui kama alilipanga hilo, ila lipo kwenye chaguo la kitenzi: namsikiliza, si namsomesha.

Na Jumamosi? Mtihani unakwisha Alhamisi, kwa hiyo asiyejua angeuliza kwa nini mtoto asirudi usiku uleule. Vyuo vingi vya pwani hufunga Alhamisi mchana na kupumzika Ijumaa, na wiki huanza Jumamosi. Mzazi amehesabu kwa kalenda ya chuo, si ya shule. Zinazokosekana mbele ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano tu, lakini hakuandika “siku tatu tu”. Angeandika hivyo ingekuwa bei inayopunguzwa sokoni.

Nimeuacha mwisho ule umiliki. Mara mbili mtoto ni “kijana wako”, na huo si urafiki wa maneno. Mzazi wa pwani akimpeleka mtoto chuoni husema nyama yako, mifupa yangu, na tangu siku hiyo mtoto ana wenyewe wawili. Barua inamweka upande wa Maalim muda wote habari ikiwa ni ya utoro. Inapofika adhabu tu, neno linageuka: “mwanangu”. Mifupa imedaiwa. Na mzazi hakuthubutu kusema usimwadhibu, kwa kuwa hiyo ingekuwa amri kwa Maalim. Amesema “asiadhibiwe”, kitenzi kisicho na mtu aliyeshika bakora. Ombi limetolewa na mkono haukutajwa. Kitenzi hicho kimoja cha kutendwa kina heshima kuliko salamu zote za juu.

Chini ya karatasi yalikuwapo maneno “Wako mtiifu”, yakakatwa kwa mistari miwili, na juu yake ndipo ikaandikwa Wabillahi tawfiq. Hapo mtu wa chuoni alimshinda mtu wa shule, baada ya kusitasita. YAH haikukatwa.

Nilimuuliza jamaa yangu alijibu nini. Akaigeuza karatasi. Nyuma, kwa penseli, Maalim ameandika “Jmosi, 16”. Ruhusa hakuitaja, wala radhi.